Nchi ya bendera ni nchi gani?

*Shikamoo mwalimu. Redioni nimesikia "nchi ya bendera ya meli imearifiwa", halafu kesho yake mwingine akasema "dola bendera". Kwani kuna nchi isiyo na bendera? Si waseme tu nchi ya mwenye meli? Na "uvuvi haramu" na "uvuvi usioripotiwa" vina tofauti gani? — Msomaji, Likoni*

Marahaba. "Dola bendera" si kosa, maana dola ni serikali yenye mamlaka, lakini hapa Mombasa ukilisema sokoni watu watauliza ni shilingi ngapi. Mimi huandika "nchi ya bendera ya meli" mara ya kwanza, kisha nafupisha kuwa "nchi ya bendera".

"Nchi ya mwenye meli" ndiyo itakayokupoteza. Tuseme tajiri yuko Ulaya, nahodha ametoka Asia, na meli imeandikishwa katika kisiwa fulani kinachotoza ada ndogo. Kisheria meli hiyo ni ya kile kisiwa, kwa sababu bendera yake ndiyo inayotwekwa mlingotini. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unataka pawe na uhusiano wa kweli kati ya nchi na meli inayoipa bendera, na nchi hiyo isimamie chombo, nahodha na mabaharia. Meli ina haki ya bendera moja tu. Inayobadilisha mbili kadiri inavyoona inafaa huweza kuhesabiwa kama isiyo na utaifa wowote. Waliosema bendera hufuata upepo hawakuwaza mambo haya, ila wangewafaa mabaharia wa aina hiyo.

Sasa uvuvi. Mvuvi wa Mji wa Kale akisikia "haramu" anafikiria juya au baruti. Neno rasmi ni refu zaidi: uvuvi haramu, usioripotiwa na usiodhibitiwa, na ni mambo matatu. Chukua meli ya jodari iliyosimamishwa maili 60 mashariki ya Kilindini. Ikiwa haina leseni ya Kenya, huo ni uvuvi haramu. Lakini huenda leseni ipo, imepigwa muhuri, na kila kitu ni safi. Wakaguzi hufungua daftari la samaki, kisha huteremka kwenye chumba cha barafu. Daftari linasema tani 12, chumbani mna tani 30. Hapo samaki hawakuibwa kwa kuvuliwa bila ruhusa, wamefichwa kwa kalamu. Huo ndio usioripotiwa, na aliyeripoti uongo huhesabiwa pamoja na aliyenyamaza. Usiodhibitiwa ni, kwa mfano, ule wa meli isiyo na utaifa inayovua kwenye bahari kuu kinyume cha kanuni za Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi: hakuna nchi ya kuulizwa.

Kumbe ndiyo maana redio ilisema nchi ya bendera "imearifiwa". Katika ukanda wa kiuchumi wa bahari, kati ya maili 12 na 200 kutoka pwani, Kenya ina haki ya kupanda melini, kukagua, kuikamata meli na kuishtaki, lakini lazima iiarifu upesi nchi ya bendera. Nayo haiulizwi kwa adabu tu. Mwaka 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ikijibu nchi za Afrika Magharibi, ilisema nchi ya bendera ina wajibu wa kujitahidi ipasavyo kuzuia meli zake zisivue kinyume cha sheria katika maji ya wengine. Angalia neno "kujitahidi". Kosa la meli peke yake haliifanyi nchi iwe na hatia. Hatia huja ikiwa haikuwa na sheria, haikukagua, au ilipewa habari ikakaa kimya. Kwa hiyo mwandishi anayeandika "nchi ya bendera ina jukumu la kuhakikisha hakuna uvuvi haramu" ameipa mzigo ambao mahakama haikuipa.

Lipo na neno moja hukuliuliza, nalo linaudhi zaidi. Siku chache baada ya kukamatwa utasikia "meli imeachiliwa", na watu vijiweni waseme kuna mtu kalishwa. Mkataba unaitaka nchi ya pwani iiachilie meli na mabaharia upesi baada ya dhamana ya kiasi kuwekwa, na kwa kosa la uvuvi katika ukanda ule hairuhusiwi kuwafunga jela mabaharia wa kigeni, isipokuwa nchi husika zimekubaliana hivyo. Kesi inaendelea, na faini inabaki palepale. Basi mtangazaji aseme "imeachiliwa kwa dhamana", asiseme "imeachiwa huru", kwa kuwa hiyo ya pili ni kauli ya hakimu mwishoni mwa kesi.