Tundu kwenye pleti, mzigo salama

"Wakuu, pleti ya chuma laini upana 100 mm unene 6 mm, ina tundu la 10 mm katikati, nivute mzigo gani salama?"

Mkuu, usiishie kutoa upana wa tundu tu, maana pembeni mwa tundu, zile pande mbili zinazotazama kingo za pleti, mkazo unafika karibu mara 3 hata tundu liwe dogo vipi. Chuma hicho huanza kuvutika bila kurudi kwenye 250 N/mm² hivi, gawa kwa 3 ni 83, zidisha eneo zima 600 mm² unapata kama 50 kN, gawa tena kwa 2 ya usalama, 25 kN, yaani tani mbili na nusu. Mzigo uliotulia kinavumilia zaidi, ila ukipanda na kushuka ufa unaanzia hapohapo, paangalie.