Homa na mwili kuuma kwa pamoja: kabla hujalaumu mafua, hesabu siku

Jumanne ile, saa kumi jioni, nilikuwa dukani kwangu Moshi nikasikia kibaridi kinanipanda mgongoni. Magoti na kiuno vikaanza kuuma kama mtu aliyeshinda akipakua mifuko ya saruji. Nyumbani mtoto wetu wa darasa la pili alikuwa na mafua siku ya tatu, kamasi haziishi, kwa hiyo sikuumiza kichwa: huyu kaniambukiza. Mke wangu akachemsha tangawizi na limau. Kipimajoto kikasoma 38.9.

Namba hiyo peke yake ilitosha kunishtua, ila sikuisoma vizuri. Mafua ya kawaida kwa mtu mzima huanzia puani na kooni. Koo linawasha, chafya zinafuatana, kamasi zinakuwa nyepesi kama maji, na kesho yake ndipo kichwa kinakuwa kizito. Joto likipanda hupanda kidogo, mara nyingi halifiki 38. (Watoto ni kesi nyingine, wao mafua tu yanaweza kuwachemsha.) Mimi nilianza na homa na viungo, na pua yangu ilikuwa kavu kabisa. Mafua ya mtoto yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa yangu.

Mafua ya kawaida yakishatoka, yanabaki mawili yanayofanana mno siku ya kwanza: influenza, yaani yale mafua makali yanayomlaza mtu kitandani, na malaria changa. Yote mawili huja ghafla, yote hupandisha joto hadi 39 na kuzidi, yote huleta kichwa kugonga, baridi na maumivu ya misuli. Watu wana vipimo vyao vya mtaani. "Mdomo mchungu? Basi ni malaria." Homa yoyote kali inaweza kuuharibu mdomo. Wengine wanasubiri homa ije na kuondoka kwa zamu, siku hadi siku, lakini malaria yetu ya kawaida hapa, ya kimelea kiitwacho falsiparamu, siku za mwanzo haina ratiba. Na parasetamoli haikuambii kitu. Usiku ule nilimeza vidonge viwili, joto likashuka hadi 37.4, nikajiona nimepona na nikala ugali. Parasetamoli hushusha homa ya malaria kama inavyoshusha ya influenza.

Dalili moja husaidia kiasi: influenza kwa kawaida huja na kikohozi kikavu na koo kuuma mapema, na malaria ya mtu mzima mara nyingi haina habari na pua wala koo, bali kutetemeka, jasho jingi homa ikishuka, na kichefuchefu. Lakini nisingeiwekea dhamana. Kuna wagonjwa wa malaria wanaokohoa, na kuna watoto wenye influenza wanaotapika.

Kilichonisaidia zaidi ni kalenda, na aliyenikumbusha ni mama kwa simu. Aliuliza swali moja: "Kule Kibondo ulilala wapi?"

Nililala nje. Tulikuwa kwenye msiba wa shangazi, na wanaume matangani tunalala kwenye mikeka karibu na moto, hakuna chandarua hata kimoja. Nilifika Ijumaa, nikalala usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, nikaondoka Jumatatu. Kibondo iko Kigoma, mmoja wa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na Kilimanjaro, ilipo Moshi yetu, ni miongoni mwa ile yenye kidogo. Kutoka usiku wa kwanza nje hadi ile Jumanne ya baridi mgongoni zilikuwa zimepita siku 11. Kutoka usiku wa mwisho, siku 9.

Kimelea kikishaingia kwa kuumwa na mbu hujificha kwanza kwenye ini, kikizaliana bila wewe kuhisi chochote, ndipo kinatoka kushambulia chembe nyekundu za damu. Kwa sababu hiyo homa ya malaria haiji kabla ya siku kama 7 tangu kuumwa. Mara nyingi huja kati ya siku ya 10 na ya 14, wakati mwingine hata baada ya mwezi. Influenza huchukua siku 1 hadi 4 tu, kwa kawaida 2. Kwa hiyo ukishuka basi Kigoma leo na homa ikakukamata keshokutwa, si malaria ya safari hiyo. Fikiria aliyekuwa anakohoa kwenye kiti cha jirani. Ikikukamata wiki moja na nusu baadaye, ukiwa umeshasahau hata kuifua nguo ya safari, safari hiyo ndiyo ya kuitaja kwanza mbele ya daktari. Mimi sikuitaja.

Jumatano asubuhi nilikwenda zahanati, nikasema "nina mafua na homa". Wakanitoboa kidole, tone la damu kwenye kipimo cha haraka, matone ya dawa, dakika 15, ukatokea mstari mmoja tu. Hakuna malaria. Nikapewa amoksilini, nikarudi. Amoksilini haiui virusi wala kimelea cha malaria, lakini lawama siwapi wao peke yao, maana neno Kibondo halikunitoka mdomoni.

Kipimo hakikudanganya. Siku ya kwanza vimelea kwenye damu vinaweza kuwa vichache kiasi kwamba havionekani, na jibu la "hakuna" hapo lina maana ya "hakuna bado". Homa ikiendelea na kalenda inakubali, rudia kipimo baada ya saa 24. Alhamisi mchana nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, nikatapika chai. Nikarudi, safari hii nikiwa na tarehe nimeziandika kwenye karatasi. Mistari miwili. Nikaanza dawa mseto ya malaria: vidonge 4, vingine 4 baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, jumla 24, kila dozi na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini.

Kalenda hii inamfaa anayeishi kwenye malaria kidogo na kusafiri. Kwa aliyeko Kibondo, Geita au Mtwara mwaka mzima haina kazi, kwa sababu kila usiku ni usiku wa mbu. Huko homa yoyote ni ya kupimwa, hata pua ikitiririka, kwani mtu anaweza kuwa na influenza na vimelea kwa pamoja.

Mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito hawasubiri kuhesabu chochote, wanapimwa siku hiyo hiyo. Na yeyote anayeshikwa degedege, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, kutapika kila anachomeza, macho kuwa ya njano au mkojo mweusi kama kahawa, apelekwe hospitali hata kama ni saa nane usiku.

Jambo la mwisho lilinikuta wiki mbili baadaye. Homa ilirudi, safari hii na kikohozi kikavu, na mke wangu naye alikuwa nacho tangu juzi yake. Kipimo cha haraka kikaonyesha tena mistari miwili. Mtaalamu wa maabara ndiye aliyenieleza kwamba kipimo kile kinanusa protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Akaweka damu yangu kwenye kioo, akaitazama kwa hadubini, hakukuta kimelea. Sikumeza mseto mwingine, na homa iliisha siku ya nne.