Mkia mweupe nyuma ya mchezaji: usikimbilie "Extreme"

Monita yangu ya hezi 144 niliinunua mtumba katikati ya Kampala. Boksi liliandikwa 1 ms, basi siku ileile nikaingia kwenye menyu, nikaipandisha "Overdrive" hadi "Extreme". Jioni mdogo wangu akaja tucheze mpira wa kwenye kompyuta. Hata dakika kumi hazijapita akauliza, "Kaka, mbona huyu wa jezi nyeusi anaburuta taa nyuma yake?"

Ni kweli. Nyuma ya jezi kulikuwa na ukingo uliong'aa kuliko nyasi zenyewe.

Hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Mkia ukiwa na rangi ya kitu kinachopita, yaani kiwingu cheusi nyuma ya jezi nyeusi, pikseli zinachelewa kubadilika. Mkia ukiwa mng'avu kuliko nyasi, pikseli zimepitiliza. Overdrive huzisukuma kwa umeme zaidi ya unaohitajika ili ziwahi; ukizidisha, pikseli iliyokuwa nyeusi haiishii kwenye kijani cha nyasi, inakipita kwanza. Ile 1 ms ya boksi mara nyingi hupimwa kwenye msukumo huohuo mkali, mkia ukiwepo.

Nikashuka hadi "Fast", nikafungua testufo.com/ghosting, tovuti ya majaribio inayomkimbiza mgeni wa angani skrini nzima, kwenye hezi 144. Safi kabisa. Kurudi mchezoni, mkia bado upo! Kadi yangu ya michoro ni ya zamani, inatoa fremu 70 hadi 90 kwa sekunde, na kwa kuwa FreeSync, inayoifanya monita ifuate kasi ya kadi, imewashwa, monita inashuka nayo. Kwenye hezi 144 fremu hukaa takriban milisekunde 7. Kwenye 75 hukaa zaidi ya 13. Msukumo uliopimwa kwa muda mfupi unapata nafasi ya kuharibu, na kosa linabaki machoni mpaka fremu inayofuata. Monita ghali hurekebisha msukumo zenyewe kasi inaposhuka. Yangu, kwa bei ile, wapi!

Kwa hiyo usipime kwenye kasi ya juu peke yake. Nenda kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, weka hezi 60 au 75, rudia jaribio, na macho yamfuate yule mgeni anayekimbia, usiyakazie sehemu moja. Picha ya simu uliyoishika tuli haitakuonyesha kinachoonwa na jicho. Iache monita iwake nusu saa kwanza, maana ikiwa baridi pikseli huwa nzito. Aliye Kabale asubuhi ataelewa. Na FreeSync uiwashe kabla ya kupima, kwa sababu kuna monita ambazo menyu ya overdrive hubadilika au kufungwa ikiwaka.

Kwenye 75, "Fast" iliacha mkia mweupe, "Normal" ikaacha kiwingu hafifu cheusi. Nikachukua "Normal". Kiwingu hicho macho huyazoea, ule mng'ao hapana. Michezo myepesi inayofika 144 bila kuyumba naichezea "Fast", na kubadilisha ni kubonyeza kitufe mara tatu tu.