Mwandishi wa Bunge anapoomba kazi ya mawasiliano kiwandani

Tangu nitoke kuripoti Bunge hapa Dodoma na kuingia idara ya mawasiliano ya kampuni, waandishi wenzangu hunitumia wasifu wao niupitie. Wengi huanza na mstari huu: "Nimeripoti vikao vya Bunge, semina na mikutano ya waandishi wa habari." Mhariri anauelewa. Meneja wa kiwanda cha kukamua alizeti haoni umsaidie nini.

Chukua mkutano wa bajeti. Katikati ya Juni Waziri wa Fedha husoma hotuba, wadau hutoa maoni mbele ya Kamati ya Bajeti kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha, na hatua nyingi za kodi huanza Julai 1. Ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ukishuka, mwenye kiwanda anashindana na mafuta ya bei nafuu, na mkulima anauliza bei ya mbegu zake. Wewe uliyezoea kuisoma hotuba na kupeleka habari jioni ileile una kitu anachokihitaji. Basi andika hivyo: "Nilichambua hotuba ya bajeti na muswada wake, nikaeleza siku hiyohiyo kodi zipi zinabadilika na nani anaguswa." Ambatisha habari yenyewe kama ushahidi.

Kisha ongeza sampuli moja ambayo gazetini hukuwahi kuiandika: ukurasa mmoja kwa mkurugenzi. Nini kinabadilika, kinaanza lini, kinatugusa wapi, tufanye nini kabla kamati haijafunga kupokea maoni. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda waandishi wengi. Tumefundishwa kueleza pande zote na kumwachia msomaji aamue. Mkurugenzi anataka pendekezo, na sababu zake.

Kwenye usaili tarajia swali la aina hii: mwandishi amepiga simu jioni, ana malalamiko ya wateja kuhusu mafuta yenu, utafanyaje? Muulize ana taarifa gani na habari inafungwa saa ngapi. Usikisie chochote. Mtafute mkuu wa uzalishaji athibitishe ukweli, mwanasheria apitie maneno, kisha umpigie mwandishi kabla ya muda wake kwisha, hata kama unachoweza kusema ni kwamba sampuli zinapimwa na majibu yatatolewa. Unajua kinachoandikwa usipopiga: "Juhudi za kuwapata wahusika hazikuzaa matunda."

Wapo watakaokuuliza kama utaweza kuwazuia rafiki zako wasiandike mabaya ya kampuni. Usikubali. Sema wazi kwamba utahakikisha upande wa kampuni unafika mapema na ukiwa sahihi, na kwamba waandishi wa Dodoma watapokea simu yako kwa sababu hujawahi kuwapa taarifa ya uongo. Mwajiri akisisitiza bado anataka habari izimwe, tafuta kwingine.