Kola Yako Haionekani Kwa Sababu Haijasomwa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia amekata tamaa. Ni mbunifu wa nguo, anatumia Stable Diffusion 1.5, modeli ya AI inayochora picha kutokana na maneno unayoiandikia, kuchora mitindo kabla hajagusa kitambaa, na kila akitengeneza picha anapata mdada mrembo, mwanga safi kabisa, ila gauni silo. Kola ya juu hamna, vifungo vyeupe hamna, mikono ya puto ndo kabisaa. Kaongeza maneno, kaongeza tena, mambo yakazidi kuharibika. Nikamwambia nitumie hiyo prompti yako, na kabla sijamaliza kuisoma nilishajua tatizo liko wapi. Najisifu kidogo hapa niacheni, maana kuna kundi moja niliwahi kuchekwa kwamba nahesabu maneno kama karani, na haohao siku hizi wananifuata pembeni kuuliza.

Prompti yake ilianza na sifa za ubora mstari mzima, ikaja kamera, ikaja lenzi, nywele, macho, ukuta wa nyuma, machweo, halafu mwisho kabisaaa ndo gauni. Sasa sikia. Sehemu inayosoma maneno kwenye modeli hiyo inaitwa CLIP, na uwezo wake ni tokeni 77 tu, mbili kati ya hizo ni alama za mwanzo na mwisho kwahiyo wewe unabaki na 75. Na tokeni sio neno, ni kipande cha maandishi, koma moja ni tokeni, neno lisilo la kawaida linakatwa vipande viwili vitatu, maneno ya Kiswahili ndo hukatwakatwa zaidi maana kisomaji kilifundishwa zaidi kwa Kiingereza. Yeye alishajaza 75 zake kabla hajafika kwenye kola. Kilichobaki kilikatwa, na picha ikatoka kama kawaida bila kulalamika. Ukiendesha kwa maktaba ya `diffusers` onyo huwa linatoka kwenye maandishi ya pembeni kwamba sehemu fulani imekatwa, na inakuonyesha kabisa ni maneno gani, ila nani anasoma yale maandishi wakati picha imeshatokea?

Jinsi ya kujua bila kubahatisha: funga namba ya `seed`, ile inayoanzisha picha ili itoke ileile kila mara, usiguse kitu kingine chochote, badilisha neno moja tu la mwishoni. Nilimwambia abadili vifungo vyeupe viwe vyeusi. Picha ikatoka ileile, mpaka unywele. Kama neno lingesomwa walau kidogo, kitu fulani kingesogea hata kama sio vifungo vyenyewe. Picha isipobadilika kabisa maana yake neno halijafika.

Ukitaka kuhesabu kabisa, hii hapa:

```python
from transformers import CLIPTokenizer
prompt = "weka prompti yako hapa"
t = CLIPTokenizer.from_pretrained("openai/clip-vit-large-patch14")
print(len(t(prompt).input_ids) - 2)
```

Ikizidi 75, punguza. Tukaiandika upya hivi:

```
emerald satin midi dress, high collar, puff sleeves, white buttons down the front, full body, studio light, plain grey background
```

Haifiki hata tokeni 40. Nguo yenyewe imetangulia, kitambaa na rangi viko papo hapo nayo, halafu kola, mikono, vifungo, mwanga na ukuta vikafuata. Na kutanguliza nguo sio kwa ajili ya kukwepa mkasi peke yake. CLIP inasoma kwa kwenda mbele, kila tokeni inaona zilizoitangulia tu, kwahiyo kola ikija baada ya gauni inajua ni kola ya gauni. Picha zikaanza kuleta kola, vifungo vilichukua majaribio kidogo, maana kusomwa sio kutiiwa.

Utasikia watu wanasema programu yao inapokea prompti ndefu bila shida. Kweli, zipo zinazoigawa mafungu ya 75 badala ya kuikata. Lakini kila fungu linasomwa peke yake, kwahiyo ukiacha gauni fungu la kwanza na kola ikadondokea la pili, ile kola haijui ni ya nani, unaweza kukuta imevikwa koti ambalo hukuliomba. Weka nguo nzima fungu moja. Modeli mpya kama FLUX.1 dev zina kisomaji kingine kinachobeba hadi 512, hapo unapumua, ila wengi wetu bado tuko na za zamani.

Acheni kubandika zile sifa ndefu za ubora mlizokopi mahali, zinakula nafasi ya pindo na mshono wako. Na prompti hasi, ile ya vitu usivyovitaka, nayo ina 75 zake za peke yake, kwahiyo kama unakataza mikono mifupi, hilo neno lisikae chini ya orodha ya vidole vibaya.