Nina shahada ya kemia: niende kiwandani, kwenye ukaguzi au kwenye mauzo?

Swali: Shikamoo dada. Nilimaliza shahada ya kemia miaka miwili iliyopita. Maabara zote nilizoomba zinataka uzoefu, na ualimu sina wito nao. Naona matangazo ya udhibiti ubora viwandani, ya ukaguzi, na ya kuuza vifaa vya kupimia. Wenzangu wanasema huko kemia unaisahau. Ni kweli? Mtu anafanya nini hasa kutwa nzima, na nianzie wapi?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mimi nasimamia ubora kwenye kiwanda cha kusaga mahindi, kwa hiyo nitakupeleka getini kwetu, lori linapoingia. Kazi zote tatu ulizozitaja zinakutana kwenye lori hilo.

Tuseme limetoka Kibaigwa na magunia 300 ya kilo mia mia. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu, kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, huku ile aina ya B1 peke yake isizidi 5. Kwenye kioo cha mashine utaona kipimo hicho kimeandikwa ppb, yaani sehemu kwa bilioni, ambayo ni sawa na mikrogramu kwa kilo. Unyevu unapimwa kwa dakika moja na haugombanishi watu sana. Sumukuvu ndiyo inayowasimamisha dereva, mwenye mzigo na meneja mbele yako, wote wanataka jibu. Na haina mzaha: mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu yake.

Ugumu wake ni kwamba sumu hii haijasambaa sawasawa kwenye mzigo. Punje nyingi ni safi kabisa, chache zimeoza na zimebeba sumu nyingi mno. Chukua kalamu tupige hesabu. Punje moja ya mahindi ina uzito wa gramu 0.3 hivi. Punje mbaya inaweza kubeba mikrogramu 100,000 kwa kilo, maana yake ndani yake mna mikrogramu 30 za sumu. Ikiingia kwenye sampuli ya kilo 5 ambayo nyingine zote ni safi, jibu litakuwa 6, na lori linapita. Punje ileile ikiingia kwenye sampuli ya nusu kilo, jibu ni 60, na lori linarudi. Sasa chukua zile kilo 5, usizisage, uchote gramu 50 tu za kupima. Mara 99 katika 100 punje ile itabaki nje na utasoma sifuri. Mara moja itaingia, na utasoma 600.

Mashine haikukosea hata mara moja katika majibu hayo. Tofauti yote imetoka kwenye bambo la kuchomea magunia, mfuko wa sampuli na kinu cha kusagia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya ofisa ubora ni kupigania sampuli. Kwa magunia 300 tunachukua kipeuo cha pili cha idadi, yaani magunia 18, na kila gunia linatoa gramu 280 hivi ili tufike kilo 5. Vijana wa getini wakiachiwa watapiga bambo magunia ya nyuma tu, yale mkono unayafikia, na wauzaji wengine wanalijua hilo vizuri. Sisi tunachoma gunia wakati wa kushusha, kuanzia juu, katikati mpaka chini ya lori. Kisha kilo zote 5 zinasagwa laini na kuchanganywa, ndipo tunachota gramu 50.

Halafu linakuja la uamuzi. Mashine imesoma 11. Mwenye mzigo anasema pima tena. Ukipima tena ukapata 9 ukapitisha, ujue umechagua jibu unalolipenda, kwa sababu lori lililosoma 9 mara ya kwanza hukulirudia. Kanuni lazima iwe imeandikwa kabla lori halijafika: nani anaruhusiwa kuagiza marudio, marudio yanafanywa kwa sampuli mpya au ileile, na majibu mawili yanatumikaje. Viwanda vingi makini hujiwekea kikomo cha ndani kilicho chini ya 10, kwa kuwa kipimo cha haraka kina mtetereko wake. Anayeyafahamu haya ni mtu aliyesoma kemia akaielewa. Wenzako hawako sahihi.

Mkaguzi anaangalia mahindi hayahaya kwa jicho jingine. Kwa Tanzania, masuala ya chakula yalihama mwaka 2019 kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda shirika la viwango, TBS, na TFDA ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Usipeleke maombi yako kwa jina la zamani. Mkaguzi wa TBS akichukua unga dukani, swali lake la kwanza ni kama sampuli ile itasimama ikipingwa: ilifungwa kwa lakiri mbele ya nani, nani alisaini, ilikaa wapi mpaka ikafika maabara. Anaandika sana, na kila neno lina uzito. Cheti kinachosema "sampuli iliyowasilishwa imekidhi" kinazungumzia mfuko ulioletwa na mteja, hakizungumzii lori. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti baada ya siku chache, sharti mojawapo lilikuwa cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya 10. Mtu asiyejua kusoma cheti kama hicho atadhani tatizo limekwisha.

Kazi ya mauzo ndiyo vijana wengi wanaidharau, na nadhani wanakosea. Anayetuuzia vipimo vya sumukuvu analipwa mshahara na kamisheni, anasafiri sana, na hawezi kudumu kama kemia imemtoka. Mteja anampigia: vipimo vyako vinasoma juu kuliko maabara. Lazima aende akaulize kwa mpangilio. Vijikaratasi vya kupimia vilikaa kwenye friji au vilisahaulika ndani ya gari juani? Unga ulisagwa laini? Kimiminika cha kutolea sumu kwenye unga kilipimwa kwa uwiano ulioandikwa? Kipimo kilichosanifiwa kwa mahindi kimetumiwa kwenye karanga? Mara nyingi jibu liko hapo, na mteja aliyetatuliwa shida yake hahami.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia kiwandani, hata kama ni kwa mkataba wa msimu wa mavuno. Mkaguzi aliyewahi kusimama getini anajua bambo linavyochezewa, na muuzaji aliyewahi kupima mwenyewe anasikilizwa na wateja. Nafasi za TBS hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo jisajili Ajira Portal huku ukifanya kazi kwingine, usikae ukisubiri.

Kwenye barua ya maombi acha kuorodhesha masomo ya chuo. Andika kwamba unaweza kupanga uchukuaji wa sampuli kwa lori la magunia 300 na kueleza kwa nini unasaga kabla ya kuchota. Mimi ninapowasaili vijana huwauliza swali moja tu la kemia: mashine imesoma 11, mwenye mzigo amesimama mlangoni, utafanya nini? Wengi wanaanza kueleza mashine inavyofanya kazi. Ninayemtafuta ni yule anayeanza kwa kuniuliza sampuli ilichukuliwaje.