Barua ya kuomba radhi kwa mteja wa Japani, mzigo umechelewa

"Wakuu, kontena letu la ufuta la kwenda Yokohama limeachwa na meli hapa Dar, mteja Mjapani amenuna. Nina barua ya kuomba radhi ya Kiswahili, naitafsiri vipi ikae kiheshima? Isije ikawa ya kihuni wala ya kujikomba."

Mkuu, kabla ya kutafsiri chochote irudie kwanza hiyo ya Kiswahili, maana barua zetu nyingi za namna hii zimekaa kwa mtindo wa "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, tutajitahidi mzigo ufike mapema iwezekanavyo". Kwetu hapo umeshaomba radhi vizuri tu, ila Mjapani akiisoma anaona hujasema kosa ni la nani wala mzigo unafika lini, na yeye mwenyewe ana kiwanda kinamsubiri na bosi wa kumpelekea hiyo barua.

Hapo kwenye "nje ya uwezo wetu" ndo kuna mtego. Nimekuwa nikishughulikia makaratasi ya wasafirishaji wa ufuta na kahawa, kuna jamaa mmoja mtafsiri wake aliweka fukakoryoku, neno sahihi kabisa kwenye kamusi, lakini kwenye mikataba hilo ndo neno la majanga kama vita na mafuriko. Mteja akajibu kwa upole sana akiomba uthibitisho wa maandishi wa hilo janga lenyewe, wakati ukweli ni kwamba meli ilijaa na bukingi ilifanywa dakika za mwisho, sasa uthibitisho utautoa wapi?

Kwa hiyo sema sababu kwa sentensi moja, halafu beba sehemu yako. Kwa kesi yako ningeandika hivi, tarehe ni za mfano weka zako:

```
納期遅延のお詫び

○○株式会社
輸入部 ○○様

平素は格別のお引き立てを賜り、厚く御礼申し上げます。

このたびは、ご注文いただいた白ごま(契約番号○○、20フィートコンテナ1本)の船積みが遅れ、多大なご迷惑をおかけしておりますこと、深くお詫び申し上げます。

本船満船のため、9月10日船積み予定分が積み残しとなりました。船腹予約が遅れた弊社の手配不足によるものです。

9月24日ダルエスサラーム出港、11月5日横浜入港の予定です。

今後は船積みの3週間前までに予約を確定し、予約番号を書面でご報告いたします。

何卒ご容赦くださいますようお願い申し上げます。
```

Mstari wa kwanza ni kichwa, radhi kwa kuchelewa kufikisha mzigo. Baada ya jina kuna shukrani ya kawaida ya kibiashara, hiyo usiiruke ila usiirefushe pia, zile salamu za majira ya mwaka ambazo Wajapani huanza nazo barua zao rasmi kwenye barua ya radhi zinaachwa, ukianza kusifia hali ya hewa ya vuli utaonekana hujui uzito wa jambo. Kuna wanaofungua kwa haikei, sawa, ila ukiiweka lazima ufunge kwa keigu, ni pacha hao.

Radhi yenyewe ni fukaku owabi moshiagemasu. Ukikuta mtafsiri amekuwekea sumimasen au gomennasai mrudishie karatasi yake, hizo ni za kumkanyaga mtu mguu kwenye daladala. Na kampuni yako inaitwa heisha, hilo ni neno la kujishusha, ya mteja kwenye maandishi ni kisha. Vikibadilishana nafasi umejipandisha wewe ukamshusha yeye, na ndo kosa ninaloliona sana kwa wanaotegemea mashine ya kutafsiri bila mtu wa kupitia.

Aya ya nne na ya tano ndo atakazozisoma mara mbili. Tarehe ya kufika Yokohama usiibuni, chukua kwenye ratiba ya meli mpya ukihesabu na siku za kubadilisha meli njiani, mana ukichelewa tena baada ya kuandika hivyo hakuna barua itakayokuokoa. Hiyo ahadi ya kuthibitisha bukingi wiki 3 kabla ya kupakia nayo usiiweke kama huna uhakika wa kuitimiza, bora ndogo inayotekelezeka. Na mwishoni usiweke goryosho kudasai, watu wanaipenda kwa kuwa wanaiona kwenye matangazo, ila ni kama unamwambia akubali tu yaishe. Goyosha ndo ya kuomba usamehewe.

Tuma taarifa fupi kwa imeili leo hii hii, barua yenye saini ya mkurugenzi ifuate kwa PDF. Na kama mnalipana kwa LC, ile hati ya benki ya kudhamini malipo, angalia tarehe ya mwisho ya kupakia, ikiwa ni kabla ya hiyo meli mpya muombe mteja abadilishe LC benki kwake kabla hujapakia, benki haisomi barua ya radhi inaangalia tarehe kwenye bili ya shehena tu. Hilo ombi lipeleke kwenye imeili yake tofauti, usilichomeke ndani ya radhi.